Utelezi Chini ya Gome

Mwaka 2002, kwenye vilima vya La Habra Heights huko Kalifonia, mparachichi mmoja ulikatwa baada ya kufa. Umri wake ulikuwa umepita miaka 70. Parachichi lolote la Hass linalopakiwa leo, liwe la Meksiko, la Murang'a, la Njombe au la shambani kwetu Tukuyu, asili yake ni kipande cha mti huo. Aliyeupanda alikuwa tarishi, jina lake Rudolph Hass, na mbegu yake aliifukia miaka ya 1920 bila nia yoyote ya kupata aina mpya. Alichotaka ni shina la chini tu. Juu yake alitaka kubebesha Fuerte, aina iliyokuwa ikitamba wakati ule. Vikonyo vya Fuerte vikagoma kushika. Vikarudiwa, vikagoma tena. Hass akataka kuukata mche ule, akashauriwa auache ukue wenyewe. Ulipozaa, watoto wake wakayapenda matunda yake kuliko yale ya Fuerte, na mwaka 1935 akapewa hataza ya aina hiyo iliyobeba jina lake.

Kilichouua mti huo mama ni ugonjwa wa kuozesha mizizi. Ulikuwa umesimama juu ya mizizi yake wenyewe, na mizizi ikashindwa. Watoto wake, mamilioni kwa mamilioni, wangali hai kwa sababu kila mmoja umebebwa na mizizi ya mti mwingine.

Naanza na kisa hicho kwa sababu ndani yake yamo maswali mawili ambayo kila anayebebesha miti ya matunda lazima ayajibu kwa mikono yake. Kwa nini kikonyo kinashika hapa na kugoma pale? Na kikishika, ni mizizi ya nani itakayoulisha mti huo kwa miaka 30 au 40 ijayo?

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Kule Kenya wengi husema kupandikiza au kuunga. Kwetu Tanzania tunasema kubebesha, na mimi nalipenda neno hili kwa sababu linasema kweli. Mche mmoja unabebeshwa mwingine mgongoni. Tawi dogo linalobebeshwa ni kikonyo, na mche wenye mizizi unaobeba nitauita shina la chini. Mti unaotoa vikonyo ni mti mama.

Tunabebesha kwa sababu kokwa la parachichi halirudishi mti ulelilizaa. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa la kike, likajifunga, kisha likafunguka tena likiwa la kiume. Kwa mpangilio huo nyuki mara nyingi huleta chavua ya mti mwingine, na kokwa huwa mtoto wa wazazi wawili, tena mtoto asiyejulikana atafanana na nani. Unaweza kulipanda leo, ukangoja miaka sita au zaidi, ukaja kuchuma parachichi la majimaji lenye kokwa kubwa kuliko nyama. Kikonyo hakina mashaka hayo. Kimetoka kwenye mti uliokwisha kufikia umri wa kuzaa, na umri huo kinakuja nao. Ndiyo maana Hass iliyobebeshwa vizuri huanza kutoa matunda mwaka wa tatu au wa nne.

Sasa kata kijiti kibichi cha mparachichi ukikwangue taratibu kwa ukucha. Kwanza unatoa ngozi nyembamba ya kijani. Chini yake kuna gome laini lenye maji. Halafu ghafla ukucha unateleza, kisha unagonga mti mweupe mgumu ambao haukwanguki tena. Mzee mmoja aliyenifundisha kazi hii hakutumia neno la kitaalamu hata siku moja. Alikishika kidole changu, akakipitisha pale. "Mwanangu," akaniambia, "gome halina kazi, na mti wa ndani hauna kazi. Wewe tafuta utelezi."

Utelezi huo ndio kambiamu. Ni utando wa seli chache tu, mwembamba kuliko karatasi, uliozunguka mti wote kati ya gome na mbao, kuanzia mizizi hadi ncha za matawi. Kazi ya seli zake ni kugawanyika. Zinazoachwa upande wa ndani hugeuka mirija ya kupandisha maji kutoka ardhini. Zinazosukumwa upande wa nje hugeuka mirija ya kushusha chakula kinachotengenezwa na majani. Kwa njia hiyo shina linanenepa mwaka hadi mwaka. Mnazi na mgomba havina utando wa namna hii. Mirija yao imetawanyika ndani ya shina kama nyuzi ndani ya muwa. Kwa hiyo hakuna fundi awezaye kubebesha mnazi, hata awe na mkono mwepesi namna gani. Hana cha kukutanisha na kingine.

Wengi hudhani kikonyo na shina la chini hugandana kama mbao mbili zilizopakwa gundi. Ingekuwa hivyo, ingetosha kuzikaza tu. Jambo lenyewe liko mbali na gundi. Kisu kinapopita, seli kilizozikata hufa na kuacha ukungu mwembamba wa rangi ya kahawia. Chini ya ukungu huo, seli hai za kambiamu na jirani zake huanza kuzaana kwa fujo, zikatengeneza nyama nyeupe laini, kovu bichi. Shina la chini linatoa lake, kikonyo nacho, ingawa kidogo, kinatoa lake. Makovu hayo mawili yanajaza nafasi iliyobaki kati yao, yanakutana na kushikana. Hapo ukikitikisa kikonyo utaona kimekaa imara, ukadhani kazi imekwisha.

Haijaisha. Kovu hilo halina mirija. Maji hupita humo kwa kunyonywa kutoka seli hadi seli, kidogo mno, kama nguo iliyochovya ncha moja kwenye beseni. Ili kikonyo kiishi, lazima katikati ya kovu izaliwe kambiamu mpya, mstari unaoanzia kwenye ukingo wa kambiamu ya shina la chini na kwenda kuishika kambiamu ya kikonyo. Mstari huo ukikamilika, unaanza kutoa mirija ndani na nje kama kawaida yake, na maji yanapata barabara. Kambiamu mpya haizaliwi popote tu katika kovu. Inaanzia pale kambiamu ya zamani ilipokatiwa, ikasogea hatua kwa hatua kuelekea ya upande wa pili. Kingo mbili zikigusana, daraja hilo hujengwa kwa wiki mbili au tatu. Zikiachana kwa milimita mbili tatu, ujenzi unachelewa, na kikonyo hakina muda wa kungoja. Hakina mizizi. Kinaishi kwa maji na akiba kilichokuja nayo, kama msafiri mwenye chupa moja. Yote tunayofanya siku ile ya kubebesha, kukata majani, kufunga plastiki, kuweka kivulini, ni kuifanya chupa hiyo idumu mpaka daraja likamilike.

Na hata daraja likikamilika, pande mbili hazichanganyiki. Juu ya mstari kila seli ni ya Hass. Chini ya mstari kila seli ni ya kienyeji. Miti miwili imekubali kupitishiana maji na chakula, na itabaki miwili mpaka kufa. Jambo hili tutalirudia, maana ndilo linaloamua habari ya mizizi.

Agosti mwaka jana nilibebesha miche 40 ya Hass nyuma ya nyumba yetu Tukuyu, na nitaisimulia kama ilivyokwenda. Agosti kwetu ni wakati mzuri kwa sababu mvua kubwa zimekata. Makokwa niliyapanda Februari, mapana chini na ncha juu, kila moja kwenye kifuko chake, na sasa miche ilikuwa na unene wa penseli. Asubuhi na mapema, kabla jua halijachomoza sawasawa, nilikwenda kukata vikonyo kwenye mti mama. Nilichagua ncha za matawi yaliyokomaa lakini hayajachipua, zenye macho yaliyotuna kama punje za mtama. Kila kikonyo kilikuwa na urefu wa sentimita 10 hivi. Papo hapo niliyakata majani yote nikabakiza vijiti vyake vifupi, kwa sababu jani huendelea kupumua maji nje hata likiwa limekatwa na mti. Nikavifunga kwenye gazeti bichi, nikaviweka ndani ya mfuko wa plastiki, kivulini.

Njia niliyotumia ni ya kupasua, ambayo ndiyo rahisi kwa mparachichi mchanga. Shina la chini nililikata mlalo kwenye kimo cha sentimita 20 kutoka udongoni, nikiacha majani machache chini ya mkato yaendelee kulilisha. Kisha nikalipasua katikati kwenda chini kama sentimita tatu. Kikonyo nikakichonga pande mbili kiwe kama kabari ya urefu uleule. Hapa ndipo penye ufundi. Kila upande wa kabari unatakiwa uchongwe kwa mvuto mmoja wa kisu, kutoka juu hadi chini, bila kurudia. Ukichonga kwa kukatakata, uso unakuwa na mawimbi, na mawimbi maana yake ni mapengo ambayo kovu lazima liyajaze kwanza kabla ya kufanya jambo jingine. Kisu kiwe kikali cha kunyolea ndevu, na kifutwe kwa spiriti kila unapohama kutoka mti mama mmoja hadi mwingine. Uso uliochongwa usiuguse kwa kidole, wala usiuache ukauke. Tangu kuchonga hadi kufunga, mimi hujipa nusu dakika.

Kisha kabari inaingia kwenye mpasuko, macho yakitazama juu kama yalivyokuwa kwenye mti mama. Kama kikonyo na shina vina unene mmoja, utelezi wa pande zote mbili unakutana wenyewe. Tatizo linakuja pale shina la chini linapokuwa nene kuliko kikonyo. Mgeni wa kazi hukiweka kikonyo katikati kabisa, kwa sababu macho yanapenda usawa, na hapo kambiamu za kikonyo zinakuwa zimezungukwa na mbao kila upande, hazigusi kambiamu ya shina popote. Inabidi kukisogeza upande mmoja. Upande mmoja ukikutana vizuri, unatosha kukiokoa kikonyo. Upande wa pili utazibika baadaye.

Na hata hapo kuna mtego, ule mzee alionionya nao kuhusu gome. Shina lenye umri mkubwa lina gome nene kuliko kikonyo kichanga. Ukilinganisha ngozi ya nje ya kikonyo na ngozi ya nje ya shina mpaka kidole kisihisi ukingo, umelinganisha magome. Kambiamu ya shina iko ndani zaidi. Kwa hiyo kikonyo kinatakiwa kiingie ndani kidogo, kiasi cha unene wa gome lile, na kidole kipitapo juu kihisi kijingazi. Usipokuwa na hakika ya kiasi, kiinamishe kikonyo kidogo sana, ili mistari miwili ikatane mahali fulani. Kugusana mahali pamoja ni bora kuliko kupishana urefu wote.

Nilifunga kwa ukanda wa plastiki nikianzia chini kupanda juu, ili kila mzunguko uulalie ule wa chini yake kama bati za paa na maji yasiingie. Nikaukaza kweli, maana kovu la pande mbili hushikana upesi likibanwa. Mwisho nikakivika kila kikonyo kifuko chembamba cha plastiki, kile cha kufungia barafu za watoto, nikakifunga chini ya kiungo. Miche yote ikaenda chini ya kichanja cha nyasi.

Wiki ya nne macho yalianza kufunguka. Nikatoa vifuko jioni, siku ya mawingu. Mpaka mwezi wa pili kuisha, miche 28 ilikuwa inakua na 12 ilikuwa imekufa. Hiyo 12 ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa sababu niliifungua yote kwa wembe na kuitazama ndani.

Mitano ilikuwa na vikonyo vikavu tangu juu hadi chini, vyeusi, na kiungo kilipofunguliwa nyuso zilikuwa za kahawia bila kovu lolote upande wa kikonyo. Nilikumbuka kwamba hiyo ndiyo miche ya mwisho ya siku ile, jua likiwa kali na kisu kikiwa butu. Vikonyo vilikufa kiu kabla ya kuanza kazi. Mitatu ilikuwa imeoza. Chini ya plastiki kulikuwa na maji machafu, dalili kwamba sikukaza ukanda.

Minne iliyobaki ndiyo ilinikaa moyoni. Yote minne ilikuwa imechipua. Ilitoa vijani vya kijani vyenye afya, nikaihesabu katika walio hai, halafu wiki ya tano ikanyauka ndani ya siku mbili. Nilipoifungua, kovu lilikuwepo, jeupe, na lilikuwa limekishika kikonyo barabara. Lakini nilipokata mlalo na kutazama kwa kioo cha kukuzia, niliona mstari wa kambiamu ya shina upande mmoja na wa kikonyo ukiwa ndani zaidi, umepita katikati ya mbao, bila chochote cha kuwaunganisha. Nilikuwa nimelinganisha magome vibaya. Vikonyo vile vilichipua kwa akiba yao wenyewe, na akiba ilipokwisha, hapakuwa na barabara ya maji. Tangu siku hiyo sihesabu mche kuwa umeshika kwa kuona kijani. Nangoja uchipuzi wa pili, ule unaokuja baada ya majani ya kwanza kukomaa, kwa sababu huo hauwezi kutoka kwenye akiba.

Ukanda wa plastiki hutolewa baada ya miezi miwili hadi mitatu. Ukiusahau, unalikaba shina linaloendelea kunenepa, na daraja ulilolingojea unalikata mwenyewe.

Basi kiungo kimeshika. Sasa tushuke kwenye mizizi, mahali ambapo wauza miche wengi hawasemi kitu na wanunuzi wengi hawaulizi. Mnunuzi huuliza, "Hii ni Hass kweli?" Ni swali zuri, lakini ni la nusu ya juu. Nusu ya chini ndiyo itakayosimama kwenye udongo wake.

Adui mkubwa wa mparachichi duniani ni kiumbe aitwaye fitofthora, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 kwenye midalasini ya Sumatra. Watu humwita ukungu, ila yeye hutoa mbegu ndogo zenye mikia zinazoogelea. Ndiyo maana anapenda maji yaliyotuama: udongo ukijaa maji, amepata njia ya kuogelea kutoka mzizi hadi mzizi. Hula mizizi myembamba ya kulishia iliyo karibu na uso wa ardhi. Ukichimbua kidogo chini ya matandazo, mizizi mizima ni meupe na inapindika. Iliyoshambuliwa ni meusi na inavunjika kama njiti ya kiberiti. Juu, mti unatoa majani madogo ya kijani kilichofifia, ncha za matawi zinabaki uchi, na unaweza kuzaa matunda mengi madogo kwa mara ya mwisho. Mti unaonekana una kiu ilhali udongo umelowa. Mkulima akiona hivyo huongeza maji, na kuongeza maji ni kumletea adui njia.

Kwa kuwa miti miwili haichanganyiki, Hass ya juu haiwezi kuisaidia mizizi katika vita hii. Shina la chini linapigana kwa asili yake lenyewe. Watafiti wa Kalifonia na Afrika Kusini walitumia miaka mingi kuzunguka mashamba yaliyokwisha kufa, wakitafuta mti mmoja mmoja uliobaki wima, ili wautumie kama shina la chini. Duke 7 ilipatikana Kalifonia, na Dusa ikatoka Afrika Kusini. Hazina kinga kamili. Zinaumwa, lakini zinaota mizizi mipya upesi kuliko inavyoliwa. Ukizipanda bwawani zitakufa pia.

Lakini kumbuka tuliyosema kuhusu kokwa. Kokwa la Dusa si Dusa. Ili kupata mizizi ya Dusa hasa, mafundi hufanya kazi mara mbili. Huotesha kokwa lolote, wakabebesha kikonyo cha Dusa juu yake. Kikishika, hukiweka gizani kirefuke kikiwa cheupe na laini, kwa sababu shina lililokosa mwanga hutoa mizizi kwa urahisi. Hukiwekea udongo shingoni, kikatoa mizizi yake. Juu yake ndipo hubebeshwa Hass, na kokwa la mwanzo, lililokuwa yaya tu, huachwa life. Mche mmoja umepitia visu viwili na miezi mingi. Ndiyo sababu bei yake ni kubwa, na ndiyo sababu asiyeweza kueleza ameupata wapi asikuuzie kwa jina hilo.

Wengi wetu tutaendelea kutumia makokwa ya kienyeji, na kwa maoni yangu si vibaya, mradi kokwa lichaguliwe. Mparachichi una koo tatu za asili. Ukoo wa Meksiko, ambao majani yake ukiyapondaponda mara nyingi hunukia kama bizari tamu, unavumilia baridi. Ukoo wa Visiwa vya Karibi, wenye matunda makubwa ya ganda laini yanayopenda joto la tambarare, unavumilia chumvi kuliko wenzake. Waisraeli, wenye maji ya chumvi, huutumia sana kwa mizizi. Wa Gwatemala uko katikati, na Hass yenyewe ina damu yake pia. Miparachichi yetu ya vijijini ni mchanganyiko. Mtu wa Kwale au Pangani anayemwagilia kwa kisima cha maji ya chumvichumvi atafanya vyema kuchukua makokwa ya mti wa pwani ulioishi kwa maji hayohayo. Akichukua kokwa la Njombe, kingo za majani ya Hass yake zitaungua kwa chumvi hata kama kiungo kimeshika bila dosari. Na mtu wa Njombe, penye baridi kali mwezi Juni na Julai, asiende kutafuta kokwa la pwani.

Mimi nilichukua makokwa ya mti mmoja wa zamani ulio ukingoni mwa bonde, mahali ambapo miparachichi mingine miwili imekufa. Sijui watoto wake wameurithi uvumilivu huo kwa kiasi gani. Wengine watakuwa nao na wengine watakosa. Ndiyo maana nilipanda makokwa 60 na kubebesha 40 tu. Iliyodumaa au kupinda nikaitupa bila huruma. Matunda yenyewe yachumwe mtini, yasiokotwe, kwa kuwa yaliyoanguka yanaweza kuwa yamegusa udongo wenye fitofthora. Makokwa nikayaloweka kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 30, kipimajoto kikiwa ndani muda wote. Maji yakipoa, adui anapona. Yakizidi kidogo tu, kokwa linaiva.

Kabla ya kuamua wapi miche iende, nilichimba shimo la sentimita 60 kwenye kila kipande cha shamba na kulijaza maji jioni. Mlimani asubuhi lilikuwa kavu. Bondeni maji yalikuwa yangali yamesimama hadi kesho yake mchana. Bondeni sikupanda parachichi. Hakuna shina la chini ninalolifahamu ambalo ningelipeleka pale.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha kwamba shina la chini huchaguliwa pamoja na la juu. Danzi, chungwa chungu ambalo watu wa pwani wanalijua, lilikuwa shina la chini la machungwa katika nchi nyingi, kwa kuwa mdanzi unastahimili fitofthora na udongo mzito. Kisha miaka ya 1930 michungwa ya Ajentina na Brazili iliyobebeshwa juu ya midanzi ikaanza kunyauka na kufa kwa mamilioni. Kireno kikaupa ugonjwa huo jina tristeza, huzuni. Ni kirusi kinachosambazwa na vidukari weusi. Ajabu yake ni hii: mdanzi uliosimama peke yake ulikuwa salama, na mchungwa juu ya mlimau wa ganda gumu ulistahimili. Mchungwa juu ya mdanzi ulikufa, kwa sababu kirusi kilichoishi mchungwani kiliua mirija ya chakula ya mdanzi palepale chini ya kiungo. Majani yalikuwa na chakula, njia ya kukishusha ikawa imezibwa, mizizi ikafa njaa. Daraja lililojengwa kwa usahihi wote lilikatika baada ya miaka. Ukiona mfanyabiashara wa miche ya machungwa ameotesha mbegu za limau na siyo danzi, sababu ndiyo hiyo.

Mwezi uliopita jirani yangu aliniita kwa hasira. Hass yake ya miaka mitano imezaa parachichi kubwa za kijani, ganda laini, ambazo zikiiva hazibadiliki kuwa nyeusi. Aliamini ametapeliwa. Nilipiga magoti nikafuta udongo shinani. Kimo cha sentimita 15 hivi palikuwa na kisiki kidogo kikavu, na ubavuni mwake, chini ya mstari wa kovu, ndipo shina lote lilipotokea. Kikonyo kilikuwa kimekufa zamani, pengine mwaka wa kwanza, na chipukizi la chini likaachwa likue kwa sababu lilikuwa na nguvu na lilipendeza.

"Kwa hiyo hakunidanganya?" akauliza.

"Alikuuzia miti miwili, ndugu yangu. Wa juu ulikufa, umemwagilia wa chini."

Mti wenyewe ulikuwa na afya nzuri, mizizi meupe, na umesimama mahali penye unyevu mwingi kuliko shamba langu. Hatukuung'oa. Tulichagua matawi matatu yenye unene wa kidole gumba, tukasubiri macho ya mti mama wangu yatune, na Jumamosi iliyopita tukayabebesha Hass. Nilimpa kisu achonge kikonyo cha tatu mwenyewe. Alipokiingiza, akakipapasa kwa kidole, akasema pana kijingazi. Nikamwambia akiache hivyohivyo, afunge.